Barua ya Malalamiko kwa Meneja wa Hoteli: Jinsi ya Kuijibu Kwenye Mtihani

Swali la barua rasmi wanafunzi wengi hulichagua kwa sababu muundo wake wanaujua kichwani: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, kiini, mwisho, sahihi. Muundo huo ni kweli una alama zake, na hizo ni rahisi kuzipata. Tatizo huwa kwenye kiini. Mwanafunzi huandika kwamba huduma zilikuwa mbovu, wahudumu walikuwa na dharau, chakula kilikuwa kibaya, chumba kilikuwa kichafu, halafu anamalizia kwa kumtaka meneja ajirekebishe. Meneja akiisoma barua hiyo hajui ni chumba kipi, ni siku gani, nani aliambiwa, wala mteja anataka nini. Msahihishaji naye anaiona hivyo hivyo.

Mwongozo huu unachukua swali moja, unaandaa jibu lake hatua kwa hatua, kisha unatoa barua nzima ya mfano. Hoteli na majina yote ni ya kubuni.

Swali

Wewe na mdogo wako mlikaa siku mbili katika hoteli moja mjini Moshi, lakini hamkuridhika na huduma mlizopewa. Mwandikie meneja wa hoteli hiyo barua ya malalamiko. Jina lako liwe Upendo Juhudi, anwani yako iwe S.L.P. 000, Arusha. Hoteli iitwe Hoteli ya Mfano, S.L.P. 000, Moshi. Maneno yasipungue 250 wala yasizidi 300.

Hatua ya 1: Chota kila kitu kilichomo kwenye swali

Kabla ya kuandika neno lolote, pigia mstari vitu ambavyo swali limekupa: jina, anwani mbili, siku mbili, mdogo wako, Moshi. Hivyo havibadilishwi. Ukiitwa Upendo Juhudi, sahihi na jina la mwisho ni vya Upendo Juhudi. Jina lako halisi na la shule yako havina nafasi hapa, kwa sababu kwenye kijitabu cha kujibia unatambulika kwa namba ya mtihani tu. Kosa hili hutokea zaidi mwishoni mwa barua, mkono ukishachoka na kurudia mazoea.

Angalia pia swali halijakupa nini. Halijasema huduma ipi ilikuwa mbovu, wala lini, wala mlilipa kiasi gani. Hayo umeachiwa wewe uyabuni, na hapo ndipo barua yako itakapotofautiana na ya jirani.

Hatua ya 2: Buni kisa kinachoweza kuhakikiwa

Chukua dakika tano, andika rasimu fupi ukurasa wa nyuma. Chagua malalamiko mawili, yasizidi matatu. Mwenye malalamiko saba katika maneno 300 hupata sentensi moja kwa kila lalamiko, na lalamiko la sentensi moja halina ushahidi wowote. Ni afadhali moja liwe kubwa, la fedha au la ahadi iliyovunjwa, na la pili liwe dogo lakini la wazi.

Kwa swali letu, kubwa ni hili: mteja aliagiza vyumba viwili, akapewa kimoja usiku wa kwanza, lakini akatozwa vyote viwili. Dogo ni hita ya bafuni isiyofanya kazi. Hita inafaa kwa sababu ya mahali na wakati: Julai ni miongoni mwa miezi ya baridi pande za Moshi na Arusha, kwa hiyo hakuna msomaji atakayeona ni kudeka. Ungeweka kisa hichohicho mwezi Februari, wakati wa joto, lalamiko lingepoteza nguvu.

Kwa kila lalamiko, rasimu yako ijibu maswali manne. Nini kiliahidiwa? Nini kilitokea? Nani aliambiwa, na saa ngapi? Hasara yake ni ipi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linalombana meneja. Hita kuharibika ni jambo la kawaida katika hoteli yoyote. Mapokezi kuambiwa mara mbili na fundi asije, hilo ni la uongozi, na ndiyo maana barua inaelekezwa kwa meneja badala ya fundi.

Sasa hesabu, maana mtoaji wa barua yenye fedha lazima hesabu zake zikubali. Vyumba 2, kila kimoja shilingi 60,000 kwa siku, kwa siku 2: jumla 240,000. Malipo ya awali yawe nusu, yaani 120,000. Siku ya kuondoka akamalizia 120,000. Chumba kimoja hakikupatikana usiku wa kwanza, hivyo kilichotozwa bila haki ni 60,000.

Hapa kuna mtego ambao hata wanaoandika vizuri huingia. Mdogo mtu alilazimika kulala kwenye nyumba nyingine ya wageni, tuseme kwa shilingi 45,000. Mwanafunzi anaona hasara mbili, anadai 105,000. Lakini kama zile 60,000 zingerudishwa, malazi ya usiku ule yangekuwa yamemgharimu 45,000 tu, pungufu ya bei aliyokuwa tayari kulipa hotelini. Anayedai zote mbili anataka mdogo wake awe amelala bure. Meneja mwenye hesabu ataliona mara moja na kuanza kuitilia shaka barua yote. Dai 60,000, basi. Ile 45,000 usiitaje kabisa, haina kazi.

Hakikisha siku na tarehe vinaoana. Kisa chetu ni Ijumaa tarehe 11 hadi Jumapili tarehe 13 Julai, 2025, na kwenye kalenda tarehe 11 Julai 2025 ilikuwa Ijumaa kweli. Kama huna uhakika na kalenda ukiwa ndani ya chumba cha mtihani, taja tarehe peke yake na uache jina la siku. Tarehe ya barua nayo ije baada ya tukio, siku chache tu. Wapo wanaoandika tarehe ya siku ya mtihani wakati tukio wamelipeleka mwezi unaofuata.

Hatua ya 3: Anwani, tarehe, salamu na kichwa

Anwani ya mwandishi hukaa juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Anwani ya mpokeaji hukaa kushoto, ikianza na cheo: Meneja. Jina lake binafsi hulijui na hulihitaji. Alama za uakifishaji zinahesabiwa hapa: mkato mwishoni mwa kila mstari wa anwani, nukta mwishoni mwa mstari wa mwisho. Ukiamua kuziandika, ziandike kwenye anwani zote mbili.

Salamu ni "Ndugu Meneja," na inatosha. "Mpendwa Meneja" ni ya barua ya kirafiki. "Shikamoo" na "Habari za siku nyingi, mimi mzima" pia, hata kama meneja ni mtu mzima mwenye mvi. Heshima katika barua rasmi huonekana kwenye lugha ya kiini.

Kichwa cha habari huanza na YAH: kisha maneno ya herufi kubwa, na hupigiwa mstari. Wanaosomea vitabu vya kutoka ng'ambo ya Namanga watakutana na KUH: badala yake, kwa mtihani wa Tanzania andika YAH. La muhimu zaidi, kichwa kitaje tatizo lenyewe. "YAH: MALALAMIKO" pekee ni kichwa cha barua yoyote ya malalamiko duniani. Meneja anayepokea barua nyingi anatakiwa ajue kutoka kwenye mstari huo kwamba hii inahusu chumba kilicholipiwa na maji ya moto.

Hatua ya 4: Aya ya kwanza

Wengi huanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Si kosa, maofisini inaandikwa kila siku, lakini inakula maneno manane bila kuongeza taarifa. Kama kichwa chako kimeeleweka, ingia moja kwa moja: wewe ni nani kwa hoteli hiyo, ulikaa chumba namba ngapi, kuanzia lini hadi lini, na una malalamiko mangapi. Namba ya chumba na tarehe ndivyo vitakavyomwezesha meneja kufungua daftari la wageni na kukuona.

Hatua ya 5: Aya za malalamiko

Kila lalamiko lipewe aya yake, na kila aya ifuate mpangilio wa matukio: kwanza ahadi, kisha kilichotokea, kisha nani aliambiwa, kisha hasara. Anza na lile kubwa. "Kwanza" na "Pili" vinatosha kuonyesha mpangilio. Hakuna haja ya kuweka namba au vishale kama vile ni orodha ya manunuzi.

Saa ziandikwe kwa kuhesabu kwa Kiswahili na zifuatwe na kipindi cha siku: saa 12:30 jioni, saa 2:00 usiku, saa 1:00 asubuhi. Anayeandika "saa 18:30" ameingiza mtindo mwingine, na anayeandika "saa 2:00" tu amemwacha msomaji ajiulize kama ni asubuhi au usiku.

Chunga vitenzi na vivumishi. "Wahudumu wako ni wezi" ni tuhuma ya jinai usiyoweza kuithibitisha. "Nilitozwa shilingi 240,000" ni jambo lililomo kwenye risiti. Sentensi ya pili inauma zaidi ingawa haina tusi hata moja. Kanuni ya kujipima ni rahisi: soma kila sentensi na ujiulize kama meneja anaweza kuihakikisha kwa kuuliza mapokezi, kuangalia risiti au kukagua chumba. Sentensi isiyohakikika, kama "tulidharauliwa sana", ama igeuze iwe tukio au iondoe.

Tahadhari nyingine ni ya tahajia, hasa kwa maneno ambayo swali hili linayalazimisha. Malazi ni mahali pa kulala. Maradhi ni ugonjwa, na ukichanganya hayo mawili utakuwa umemwambia meneja jambo jingine kabisa. Andika "malalamiko" kwa l zote, "hoteli" na "hita" kwa h yake, na "mhudumu" kwa umoja, "wahudumu" kwa wingi.

Hatua ya 6: Dai na muda

Barua ya malalamiko bila dai ni manung'uniko. Dai liwe linatokana moja kwa moja na yale uliyoeleza: fedha kwa chumba, matengenezo kwa hita. Usidai meneja amfukuze mtu kazi. Hujui upande wa pili. Usidai fidia ya mamilioni kwa usumbufu wa siku mbili. Taja kiasi, njia ya kurejeshewa, na muda wa kujibiwa. Siku 14 ni muda wa kiungwana, hoteli inapata nafasi ya kuuliza mapokezi na mhasibu.

Je, utishie? Hapana. "Nitakupeleka polisi" au "nitaitangaza hoteli yako mitandaoni" huharibu lugha ya barua. Katika maisha halisi, mteja asiyejibiwa anaweza kupeleka suala lake Tume ya Ushindani, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ina jukumu la kumlinda mlaji. Lakini hiyo ni barua ya pili, kwa mpokeaji mwingine.

Taja viambatisho kwa sentensi moja: nakala ya risiti na ujumbe wa malipo ya simu. Huhitaji kuvichora kwenye kijitabu cha kujibia, ingawa wapo waliojaribu. Mteja halisi ajue kwamba risiti ya mashine ya EFD ndiyo ya kuambatisha, kwa kuwa ina tarehe na kiasi, na anatuma nakala huku ile halisi akibaki nayo.

Barua ya mfano

Hapa anwani ya kwanza imeandikwa kushoto kwa sababu ya nafasi. Kwenye karatasi yako ikae kulia, pamoja na tarehe.

S.L.P. 000,
ARUSHA.
15 Julai, 2025.

Meneja,
Hoteli ya Mfano,
S.L.P. 000,
MOSHI.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHUMBA NILICHOTOZWA BILA KUKITUMIA NA UKOSEFU WA MAJI YA MOTO

Mimi ni mteja niliyekaa katika hoteli yako, chumba namba 12, kuanzia Ijumaa tarehe 11 hadi Jumapili tarehe 13 Julai, 2025. Ninaandika kulalamikia mambo mawili yaliyotokea katika siku hizo.

Kwanza, tarehe 1 Julai niliagiza kwa simu vyumba viwili vya siku mbili, kwa bei ya shilingi 60,000 kila chumba kwa siku. Siku hiyohiyo nilituma malipo ya awali ya shilingi 120,000. Tulipofika Ijumaa saa 12:30 jioni, mhudumu wa mapokezi alitueleza kuwa chumba cha pili amepewa mgeni mwingine na kwamba kingepatikana kesho yake. Mdogo wangu alilazimika kwenda kulala katika nyumba nyingine ya wageni. Hata hivyo, wakati wa kuondoka nilitakiwa kumalizia shilingi 120,000, na hivyo kulipa jumla ya shilingi 240,000 kana kwamba vyumba vyote viwili vilitumika kwa siku mbili.

Pili, hita ya bafuni katika chumba namba 12 haikufanya kazi kwa muda wote tuliokaa. Nilitoa taarifa mapokezi Ijumaa saa 2:00 usiku na tena Jumamosi saa 1:00 asubuhi. Mara zote mbili niliahidiwa fundi, lakini hadi tunaondoka hakuna aliyefika, wala hatukuletewa maji ya moto kwa ndoo. Kwa baridi ya mwezi huu, tulipata shida kubwa.

Kwa hiyo, naomba nirejeshewe shilingi 60,000 za chumba ambacho hatukukipata usiku wa tarehe 11 Julai, kupitia namba ya simu niliyoitumia kufanya malipo ya awali. Aidha, naomba hita hiyo itengenezwe kabla chumba hicho hakijapewa mgeni mwingine.

Nimeambatisha nakala ya risiti na ya ujumbe wa malipo. Nitashukuru kupata majibu yako kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii.

Wako mtiifu,

*U. Juhudi*

Upendo Juhudi.

Kwa nini imeandikwa hivyo

Tazama aya ya pili. Haina neno hata moja la hasira, lakini mpangilio wake unamwongoza meneja hadi kwenye 240,000 bila kumpa nafasi ya kuponyoka. Alilipa mapema, kwa hiyo hoteli haiwezi kusema haikuwa na uhakika wa ujio wake. Alifika jioni, hakuchelewa usiku wa manane. Na chumba walipewa wengine, hakikuharibika. Kila sehemu imeziba utetezi mmoja. Ukiwa na muda kwenye mtihani, fanya zoezi hilo kwa rasimu yako: jiweke nafasi ya meneja, tafuta kisingizio, kisha ongeza kirai kimoja kinachokizima.

Ndoo ya maji ya moto katika aya ya tatu inaweza kuonekana ni jambo dogo. Imewekwa makusudi. Inaonyesha kwamba mteja hakutaka makubwa. Hata njia mbadala ambayo kila nyumba ya wageni inaweza kuifanya kwa jiko na sufuria haikufanyika.

Kuhusu mwisho wa barua, "Wako mtiifu" na "Wako katika ujenzi wa taifa" zote hutumika. Wengine wanaona ajabu mlalamikaji kujiita mtiifu, na wana hoja, lakini ni kauli ya desturi tu. Andika ile uliyofundishwa, usiandike zote mbili. Sahihi ikae juu ya jina, na isirukwe: pale kwenye mstari wa sahihi wengi huandika jina moja kwa moja.

Kuhesabu maneno

Usihesabu neno moja moja. Hesabu maneno ya mistari mitatu ya mwandiko wako, tafuta wastani, zidisha kwa idadi ya mistari. Ukikuta umezidi, mahali pa kupunguza ni aya ya kwanza na sentensi za hisia, kamwe si kiasi cha fedha wala saa. Ukikuta umepungua, usiongeze lalamiko la tatu dakika za mwisho. Rudi kwenye yale maswali manne, utakuta lipo moja hukulijibu.

Zoezi

Andika upya barua hii kwa hali ifuatayo. Wewe ni katibu wa kikundi cha akina mama cha watu 20 kilichokodi ukumbi wa hoteli mjini Arusha kwa semina ya siku moja. Mliagiza chai ya asubuhi na chakula cha mchana kwa watu wote kwa shilingi 25,000 kila mtu, mkalipa zote mapema. Chai ilikuja saa mbili baada ya muda mliopatana, na chakula cha mchana kiliwatosha watu 14 tu. Kabla ya kuandika, amua kiasi cha kudai. Kumbuka kwamba wale sita waliokosa chakula chai walikunywa, kwa hiyo 25,000 mara 6 siyo jibu. Itabidi rasimu yako iwe na bei ya chai na bei ya chakula kila moja peke yake, na barua iitaje.